Waya Kwenye Koki: Ukurasa Mmoja wa Daftari la Ajali

Ndugu zangu wasimamizi wa majiko, wapishi, watoa huduma ya kwanza, na ninyi mnaoshika daftari la ajali kazini, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Sitazungumzia mambo mengi. Nimekuja na ukurasa mmoja tu, niliojaza kwa mkono wangu nilipokuwa msimamizi wa jiko la kantini ya wafanyakazi, na nataka tuusome pamoja polepole.

Nilikuwa nimeandika hivi: “Mfanyakazi wa jikoni ameungua mguu kwa mafuta ya moto kwa kutokuwa makini. Amepewa huduma ya kwanza na kupelekwa hospitali. Mashine iko sawa.”

Chini yake nikaweka tarehe na sahihi. Kazi yote haikunichukua hata dakika 2. Ndani ya wiki moja watu watatu walinijia na maswali juu ya ukurasa ule: daktari, fundi, na mwenzetu mwenyewe aliyeungua. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumjibu.

Nianze na tukio lenyewe. Jiko letu lilikuwa na fraya moja ya umeme, ile ya kusimama sakafuni, inayochukua lita 12 za mafuta. Kwa chini, nyuma ya kimlango, ilikuwa na koki ya kutolea mafuta yanapohitaji kuchujwa. Siku hiyo chakula cha mchana kilipomalizika, fraya ikazimwa kwenye swichi ya ukutani saa 7:50 mchana. Dakika 25 baadaye mpishi msaidizi, dada aliyeizoea fraya ile kuliko sisi wote, akaweka sufuria chini ya koki ili achuje. Mkono wa koki ulikuwa umebana. Akauvuta kwa nguvu, ukaachia ghafla, koki ikafunguka yote kwa mkupuo. Mafuta yalitoka kwa kasi, yakagonga ukingo wa sufuria, yakarukia mguu wake wa kulia kuanzia katikati ya muundi kwenda chini. Mengine yakaingia ndani ya kiatu.

Kwa asiyefanya kazi jikoni, fraya iliyozimwa karibu nusu saa inaonekana imeshapoa. Haijapoa. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100 za selsiasi, lakini mafuta ya kukaangia hufanya kazi kati ya nyuzi 160 na 190, na yakiwa mengi ndani ya chombo kipana hushusha joto lake taratibu sana. Miongozo ya usalama hutaka yashuke chini ya nyuzi 40 kabla ya kutolewa, na hilo huchukua saa kadhaa. Tena mafuta yakifika mwilini hayatiririki yakaenda zake kama maji. Hushika ngozi, hulowa kwenye soksi na kitambaa cha kiatu, na hukaa hapo yakiendelea kuunguza huku kila mtu akidhani tukio limekwisha.

Sasa tuje kwenye maneno yangu “amepewa huduma ya kwanza.” Swali la daktari nililetewa na mwenzetu aliyemsindikiza majeruhi. Alitaka kujua mguu ulimwagiwa maji kwa muda gani, yalianza dakika ngapi baada ya kuungua, kiatu kilivuliwa lini, na ni kitu gani cheupe kilichopakwa pale juu. Nilikuwepo jikoni wakati wote alipokuwa anahudumiwa, lakini sikujua. Nilikumbuka maji, nilikumbuka kelele, nilikumbuka mtu akikimbia na barafu na mwingine akikimbia na dawa ya meno. Sikukumbuka kipi kilitangulia.

Kwa nini daktari aulize dakika? Kwa sababu maji ndiyo tiba yenyewe ya saa ile. Mtu aliyeungua kwa mafuta anatakiwa kuwekwa chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili. Dakika 2 za kuosha hazitoshi, kwani joto limeshaingia chini ya ngozi na linaendelea kushuka ndani. Na kama mtu alichelewa kupata maji, bado yanasaidia ndani ya saa 3 za kwanza, kwa hiyo anayepokea mgonjwa akisoma kwenye karatasi kwamba alipozwa dakika 5 tu, anaweza kumrudisha kwenye maji. Akisoma “amepewa huduma ya kwanza,” hana la kufanya ila kubahatisha.

Kiatu ni habari yake peke yake. Siku ile tulianza kumwaga maji mguu ukiwa bado ndani ya kiatu cha kitambaa na soksi. Maji yalikuwa yanapita juu, mafuta yamekaa ndani. Walipokivua, kwa makadirio ya waliokuwepo zilikuwa zimepita dakika 4 hivi. Sehemu iliyoungua vibaya kuliko zote haikuwa muundi uliopigwa na mafuta moja kwa moja. Ilikuwa juu ya mguu, pale ukanda wa kiatu ulipoibana soksi kwenye ngozi. Kwa hiyo kiatu, soksi, nguo iliyolowa, pete, saa ya mkononi, vyote vinatolewa mara moja, kabla uvimbe haujaanza. Kilichoganda kwenye ngozi ndicho pekee kinachoachwa mahali pake. Na kwenye daftari aina ya kiatu inaandikwa, pamoja na saa kilipovuliwa.

Ile dawa ya meno iliyopakwa ilisuguliwa na kuoshwa baadaye, na mimi kwa aibu sikuitaja kabisa. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ngozi iliyoungua kwa kina inaweza kuwa nyeupe. Ngozi iliyobakiwa na dawa ya meno pia ni nyeupe. Daktari anapoangalia mguu hatakiwi kukisia ni weupe upi anaoutazama. Kama kuna kilichopakwa, iwe siagi, yai, asali, mafuta au dawa ya meno, kiandikwe, hata kama aliyekipaka ni wewe mwenyewe. Barafu vilevile iandikwe kama iliwekwa, maana inaweza kuiumiza zaidi ngozi ambayo tayari imeumia. Daftari linaloficha kosa la huduma ya kwanza linamdhuru mtu yuleyule ambaye kosa limeshamdhuru mara ya kwanza.

Kuhusu hali ya jeraha, watu wengi hupenda kuandika “daraja la pili” au “daraja la tatu.” Mimi nimeacha, na nawashauri nanyi muache. Kina cha kuungua kwa mafuta hakionekani vyema siku ya kwanza; huweza kubadilika kwa siku 2 au 3, na hata wataalamu hurudi kuangalia tena. Kazi yetu ni kuandika kilichoonekana kwa macho: ngozi ni nyekundu, au ya waridi yenye majimaji, au nyeupe, au imekauka kama ngozi ya kiatu, malengelenge yapo au hayapo, yamepasuka yenyewe au ni mazima, anahisi maumivu akiguswa kando ya jeraha au hahisi. Hilo la mwisho msilipuuze. Mtu akisema “hapa haliniumi” huku ngozi imebadilika rangi, hiyo si nafuu. Inaweza kuwa dalili kwamba mishipa ya fahamu imeungua, na inaandikwa kwa maneno yake alivyosema.

Ukubwa hupimwa kwa kiganja cha majeruhi mwenyewe, vidole vikiwa vimebanwa pamoja. Kiganja hicho pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili wake. Mwenzetu alikuwa na jeraha la kama viganja viwili. Jeraha linalozidi kiganja kimoja, na jeraha lolote la uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kwenye kiungo, na lolote linalozunguka mkono au mguu mzima kama bangili, halibaki kantini. Linakwenda kwa daktari, likiwa limefunikwa kwa plastiki safi ya kufungia chakula, iliyolazwa juu tu bila kuzungushwa, maana mguu utavimba. Malengelenge hayatobolewi. Na mgonjwa afunikwe sehemu nyingine za mwili, kwa kuwa dakika 20 za maji humfanya mtu atetemeke. Tunapoza jeraha, yeye mwenyewe tunampa joto.

Sasa nije kwenye maneno mafupi kuliko yote niliyoandika, yaliyonigharimu kuliko yote: “Mashine iko sawa.”

Niliyaandikaje? Nilikwenda kuitazama fraya baada ya gari kuondoka na majeruhi. Ilikuwa inang'aa. Vijana walikuwa wamepiga deki, mafuta yamefutwa, sufuria imeoshwa na kutundikwa, koki imefungwa, kirungu cha joto kimerudishwa kwenye sifuri. Walifanya kwa nia njema, kwani sakafu yenye mafuta ingeangusha mtu mwingine. Mimi nikaona mashine safi, nikaandika mashine nzima. Niliandika hali yake baada ya kusafishwa, wakati daftari lilikuwa linauliza hali yake ilipomuunguza mtu.

Siku ya tatu fundi akaja. Akafungua kimlango, akachuchumaa mbele ya koki na kuuliza: “Mliikuta mkono wake umesimama wapi?” Hakuna aliyejua. “Komeo lake liko wapi?” Nikamuuliza komeo gani. Akanionyesha tundu dogo kwenye shingo ya koki. Pale hukaa komeo la chuma la kuuzuia mkono usifunguke bila kukusudia. Ili ufungue, unalibonyeza kwanza, ndipo mkono unazunguka. Tundu lilikuwa tupu. Hakuweza kusema kama lilikosekana siku ya ajali au liling'oka wakati wa kusafisha, na mimi sikuweza kumsaidia.

Tuliokolewa na kijana mmoja muosha vyombo. Kabla ya kupiga deki alikuwa amechukua picha moja kwa simu yake, si kwa ajili ya daftari, bali amwonyeshe mwenzake wa zamu ya jioni jinsi mafuta yalivyotapakaa. Simu ilionyesha imepigwa saa 8:31 mchana. Tuliikuza picha ile kwenye skrini. Sufuria imelalia ubavu. Kirungu cha joto kiko kwenye 175, kwa sababu fraya ilizimwa ukutani na kirungu hakikuguswa. Mkono wa koki uko wazi hadi mwisho. Na pale kwenye tundu la komeo pana kipande cha waya mwembamba, kimepitishwa na kusokotwa mara mbili, ncha moja imekatika. Waya wenyewe tuliukuta siku ileile chini ya fraya, nyuma ya gurudumu, umejaa mafuta yaliyoganda na vumbi.

Basi komeo halikung'oka siku ile. Lilikuwa limeshapotea, na kuna mtu aliyefunga waya badala yake, muda mrefu kiasi cha waya kukusanya uchafu wa kushikana. Sikutaka kuandika nani, wala mpaka leo sijaandika. Kwenye daftari niliandika kwamba waya ulikuwepo, uko wapi kwenye picha, na umehifadhiwa kwenye bahasha yenye tarehe. Inatosha. Anayetafuta sababu atajiuliza kwa nini jiko zima lilipita mbele ya waya ule kila siku bila mtu kuandika neno kwenye daftari la matengenezo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Fundi akauliza na joto. Mafuta yalikuwa na joto gani yalipomwagika? Hatukupima. Kipimajoto cha chakula kilikuwa kwenye droo umbali wa hatua tano. Kungekuwa na mtu mmoja wa kukiweka kwenye mafuta yaliyobaki na kuandika nyuzi pamoja na saa, tungekuwa na jibu. Badala yake ikabidi tufanye jaribio wiki iliyofuata, baada ya koki kubadilishwa na fraya kujaribiwa kwanza kwa maji baridi isivuje, kisha kukaushwa kabisa. Fundi akajaza mafuta mpaka alama ya juu, akaweka kirungu kwenye 175, akasubiri taa ya joto izime, akapima kwa kipimajoto chake. Kilisoma nyuzi 191. Themostati ilikuwa inadanganya kwa nyuzi 16. Akazima ukutani, tukangoja dakika 25 bila kugusa kitu, akapima tena: nyuzi 158.

Naomba hapa tusikosee. Nyuzi 158 si joto la mafuta yaliyomuunguza mwenzetu. Ni joto la jaribio, la siku nyingine, na hivyo ndivyo nilivyoliandika: “Joto la siku ya ajali halikupimwa. Jaribio la tarehe hii, kwa kiasi kilekile cha mafuta na muda uleule wa kuzimwa, lilionyesha nyuzi 158.” Ukijaza pengo la siku ya ajali kwa namba ya jaribio, umeandika uongo hata kama namba inakaribia ukweli. Neno “halikupimwa” linauma kuliandika, lakini anayesoma anajua asimame wapi.

Tangu hapo jiko letu lina utaratibu ambao kiini chake ni zile dakika 20 za maji. Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni mgonjwa tu. Anamtoa kwanza mbali na fraya, kwa sababu watu wenye taharuki hutaka kumwaga maji palepale, na maji yakiingia ndani ya mafuta ya moto huzama, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha mafuta kwa kila aliye karibu. Anampeleka kwenye bomba, anatazama saa, anasema kwa sauti “maji yameanza,” na mwenzake anaandika. Na kuna mtu wa pili ambaye kazi yake ni fraya tu. Anazima umeme ukutani. Hagusi kirungu. Hagusi koki, isipokuwa mafuta bado yanatoka, hapo ataifunga, na ataandika: “Niliikuta wazi, nikaifunga saa fulani.” Anazuia watu wasikanyage. Anapiga picha ya eneo zima kwa mbali, halafu koki, kirungu, alama ya kiwango cha mafuta, chombo kilichokuwa kinapokea mafuta, sakafu, na magurudumu kama yamefungwa breki. Anaweka rula au kijiko kwenye picha za karibu ili ukubwa ujulikane. Anapima joto la mafuta yaliyobaki. Ndipo deki inaruhusiwa.

Mkiangalia, mambo hayo yote huisha ndani ya dakika 20, na wakati wote huo mgonjwa yuko kwenye maji. Hakuna aliyemwacha mgonjwa ili ajaze fomu. Baada ya hapo fraya inafungiwa karatasi ya “Usitumie” yenye jina la aliyeifunga, plagi inatolewa au swichi kuu inafungwa kwa kufuli, na haifunguliwi na mtu mwingine yeyote mpaka fundi asaini. Chakula cha jioni kitapikwa kwa njia nyingine. Najua maneno haya ni rahisi kuyasema hapa kuliko kuyasimamia foleni ikiwa mlangoni, lakini fraya iliyorudishwa kazini jioni ileile haiwezi tena kuchunguzwa kwa hali iliyokutwa nayo.

Yamebaki yale maneno “kwa kutokuwa makini.” Mwenzetu aliporudi kuchukua karatasi zake za likizo ya ugonjwa, aliuona ukurasa ule. Hakugomba. Aliniuliza tu: “Bosi, ulikuwa unanitazama?” Sikuwa namtazama. Nilikuwa stoo. Nilisikia kelele, nikaja, nikaandika sababu ya jambo ambalo sikuliona.

Makini si kitu kinachoonekana. Kinachoonekana ni kwamba alivuta mkono wa koki kwa mkono wa kulia, kwamba ulibana, kwamba uliachia ghafla. Ukishaandika “hakuwa makini,” wote wanaosoma wanapumua: sababu imepatikana, mashine haina haja ya kutazamwa. Ndiyo maana sentensi yangu ya kwanza ilizaa ile ya mwisho. Hayakuwa makosa mawili tofauti.

Nilimwomba anisimulie, siku mguu ulipokuwa umetulia kidogo, na niliandika alivyosema, kwa maneno yake, bila kuyapangilia yawe ya kiofisi. Alisema: “Ile koki huwa inabana, unaipiga kwa kiganja ndipo inalegea. Siku hiyo niliipiga mara mbili haikutaka, nikaivuta. Kawaida inaenda kidogo kidogo. Siku hiyo ilienda yote.” Nikamsomea, akarekebisha neno moja, akasaini. Kwa asiyesoma, msomee mbele ya mtu anayemwamini, aweke dole gumba. Tazameni habari iliyomo kwenye maneno yale: kila mtu jikoni alijua kwamba koki ile hupigwa kwa kiganja. Mafuta ya zamani hugeuka gundi kwenye shingo ya koki, koki hubana, watu hujifunza kuipiga, na kuipiga kunageuka namna ya kawaida ya kuifungua. Hakuna picha ingeonyesha hilo.

Aliniambia pia kwamba aliharakisha kuchuja kwa sababu zamu iliyokuwa inaingia ilihitaji mafuta saa 9 alasiri. Hilo nalo limo. Ratiba ile niliipanga mimi.

Jambo moja dogo la saa, nalo limeleta utata mara nyingi. Sisi tunasema saa nane mchana, kompyuta ya ofisini inasema 14:00, na mwingine kwa haraka anaandika “saa 2.” Karatasi ikifika kwa mtu asiyekuwepo, “saa 2:15” inaweza kuwa asubuhi, mchana au usiku. Chagueni namna moja ya kutumia, ila pale mwanzoni muandike zote mbili: “saa 8:15 mchana, yaani 14:15.” Picha za simu huja na saa ya kompyuta, kwa hiyo bila kulinganisha mtajikuta na picha iliyopigwa saa sita baada ya ajali au kabla yake.

Na ukurasa wangu wa zamani sikuuchana. Sikuupaka rangi nyeupe. Nilichora mstari mmoja juu ya “kwa kutokuwa makini” na mmoja juu ya “mashine iko sawa,” maneno bado yanasomeka chini yake, nikaweka sahihi na tarehe ya kusahihisha pembeni. Kisha nikafungua nyongeza: “Imeandikwa siku 9 baada ya tukio. Yafuatayo yanatokana na picha ya saa 8:31, maelezo ya majeruhi, maelezo ya mashahidi wawili na ukaguzi wa fundi.” Kila sentensi iliyofuata ilitaja imetoka kwa nani. Pale mashahidi walipotofautiana, mmoja akisema maji yalikwenda dakika 10 na mwingine 15, niliandika zote mbili na majina ya waliosema, sikuchukua wastani. Maelezo ya jeraha yenyewe na karatasi za daktari niliyaweka kwenye faili la siri, si kwenye daftari linalokaa mezani kila mtu akilifungua.

Nyongeza ya mwisho kwenye ukurasa ule ni ya siku ya 34. Inasema mwenzetu amerudi, kwa kazi za kukaa, kwa ushauri wa daktari, na kwamba juu ya mguu bado pana sehemu ya ukubwa wa sarafu isiyohisi kuguswa. Inasema koki mpya ina komeo, themostati imebadilishwa na kupimwa kwenye 175 ikasoma 176, na uchujaji umehamishiwa asubuhi kabla ya fraya kuwashwa, mafuta yakiwa yamelala usiku kucha. Sahihi ni tatu: ya fundi, yangu na yake. Yeye aliomba kusaini akiwa amechuchumaa mbele ya fraya, baada ya kulibonyeza lile komeo kwa kidole chake na kuuzungusha mkono mara kadhaa, ikiwa tupu na baridi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna maswali, nipo.